Dakika 20 za Kwanza Mbele ya Jopo

Juu ya meza ndefu pamewekwa nakala nne za tasnifu ileile. Kila nakala imechomekwa vikaratasi vya rangi pembeni, na kila kikaratasi kinaashiria ukurasa ambao mtahini ana swali nao. Mtahiniwa amesimama kando ya projekta, mikono ikiwa imeshikana mbele. Mwenyekiti wa jopo anatazama saa, kisha anasema kwa upole: "Karibu. Tafadhali jitambulishe, halafu utupe muhtasari wa utafiti wako. Una dakika 20."

Ombi hilo linaonekana jepesi. Mtu asiweze kusema jina lake, au kueleza kazi aliyoifanya kwa miaka mitatu au minne? Lakini nimeketi katika majopo ya aina hii mara nyingi, na naweza kusema kwamba watahiniwa wengi hujikwaa hapa hapa, kabla hata swali la kwanza halijaulizwa. Sababu kubwa ni kwamba hawajui muhtasari huu unatakiwa kwa ajili gani.

Tuanze basi na hilo. Watahini wameshaisoma tasnifu. Kwa kawaida imewafikia wiki kadhaa kabla, na wameandika ripoti zao. Hawahitaji kusimuliwa sura ya kwanza hadi ya mwisho. Jina la kale la mtihani huu, "viva voce", ni Kilatini na maana yake ni "kwa sauti iliyo hai". Kinachotafutwa ni sauti hiyo. Jopo linataka kumsikia mwenye kazi akiieleza bila kufunua kurasa, lijue kama kweli ni yake, na kama anajua lipi ndani yake ni kubwa na lipi ni dogo. Kisha jopo linasikiliza kwa kusudi jingine ambalo mtahiniwa huwa halifikirii: linachagua mahali pa kuanzia maswali. Kila sentensi anayoitamka ni mlango anaowafungulia watahini. Akisema jambo asiloweza kulitetea, amewaonyesha pa kuingilia.

Desturi hazifanani kila mahali. Uingereza mara nyingi hakuna wasilisho rasmi. Mtahini huanza tu kwa kumwomba mtahiniwa aeleze kazi yake. Ufini, utetezi hufunguliwa kwa hotuba fupi inayoitwa "lectio praecursoria", isiyozidi dakika 20, nayo hulengwa kwa wasikilizaji wasio wataalamu waliofika ukumbini. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki kila chuo kina kanuni zake, lakini mpangilio uliozoeleka ni huu wa mwenyekiti, watahini, wakuu wa idara na wasimamizi, na mtahiniwa anayepewa dakika 15 hadi 30 za kufungua. Tutumie 20.

Ili tusibaki hewani, tuchukue mfano. Mtahiniwa wetu ni wa kutungwa, na takwimu za utafiti wake nimezitunga mimi, lakini tatizo alilolichunguza ni la kweli kabisa. Ni sumukuvu katika mahindi, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dada huyu alitaka kujua kama kuhifadhi mahindi katika mifuko ya kinga njaa, yaani ile yenye matabaka mawili ya plastiki ndani na kiroba nje, inayofungwa hadi hewa isipite, kunazuia sumukuvu isiongezeke ghalani. Alifuatilia kaya katika wilaya moja ya Dodoma kwa miezi sita.

Sasa anajitambulisha. Nimewasikia wengi wakianza na walikozaliwa, shule ya msingi, sekondari, mwaka wa kuoa au kuolewa, kisha shukrani kwa wazazi, kwa mchungaji au sheikh, na kwa kila aliyeketi mezani kwa cheo chake. Dakika nne zimekwenda. Kusalimia jopo ni adabu na haiachwi, ila inatosha kumtaja mwenyekiti, watahini na wasimamizi, na wengine kuwajumuisha kwa kusema itifaki imezingatiwa. Shukrani ndefu zina ukurasa wake ndani ya tasnifu.

Utambulisho unaotakiwa una jina, idara, shahada inayotetewa, wasimamizi na anwani ya tasnifu. Hayo huchukua nusu dakika. Lakini kuna kipande kimoja zaidi, nacho ndicho kinachotenganisha utambulisho wa desturi na utambulisho wa mtafiti: ni sehemu ya maisha yako inayogusa utafiti wenyewe. Msikilize mtahiniwa wetu:

"Kabla ya kuanza masomo haya nilikuwa afisa ugani kwa miaka sita, na miwili kati ya hiyo niliitumikia wilaya hii niliyoifanyia utafiti. Baadhi ya wakulima walionijibu walikuwa wananifahamu, na niliwahi kuwahimiza watumie mifuko hii. Kwa sababu hiyo, maswali kuhusu matumizi ya mifuko yaliulizwa na wasaidizi wasiofahamika kijijini, na sampuli zilipelekwa maabara zikiwa na namba tu, bila kuonyesha zimetoka mfuko gani."

Sentensi tatu tu. Angezificha, mtahini mmoja angezikuta mwenyewe kwenye kiambatisho, na swali lingekuja likiwa na harufu ya shutuma: kumbe ulikuwa unapima kazi uliyoihubiri? Alipoyasema mwenyewe, akataja na hatua aliyochukua, shutuma imegeuka kuwa sehemu ya mbinu zake. Mkulima anayekufahamu kama afisa aliyemhimiza atakujibu anachodhani unataka kukisikia. Hili si jambo la tabia njema tu. Linagusa ukweli wa data. Kwa hiyo, unapojiuliza useme nini kuhusu wewe mwenyewe, kipimo ni kimoja: je, jambo hili lingeweza kubadili majibu niliyoyapata? Kama ndiyo, litaje. Kama sivyo, liache.

Baada ya hapo linakuja tatizo na swali la utafiti. Hapa ndipo dakika nyingi hupotea kuliko popote. Mtahiniwa hurudia mapitio ya maandiko: fulani alisema hivi mwaka huu, fulani akasema vile mwaka ule. Anafanya hivyo kwa sababu sura ya pili ni ndefu na ilimtoa jasho. Lakini jopo linahitaji kitu kimoja tu kutoka sura hiyo, nacho ni pengo. Mtahiniwa wetu analisema hivi: kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, majaribio mengi ya mifuko isiyopitisha hewa yamefanywa katika vituo vya utafiti, ambako mahindi yamekaushwa vizuri na mfuko haufunguliwi hadi siku ya kupima, nyumbani kwa mkulima mfuko hufunguliwa kila wiki unga unapokwisha, na ukavu wa mahindi hupimwa kwa kuyatafuna. Je, katika hali hiyo mfuko bado unasaidia?

Umeona jinsi swali lilivyotoka ndani ya pengo lenyewe? Msikilizaji hakulazimika kuambiwa kwamba pengo lipo. Ameliona: mfuko unaofunguliwa mara moja huku, na mfuko unaofunguliwa kila wiki kule. Dakika tatu zinatosha.

Kisha mbinu. Hapa hapatakiwi somo kuhusu aina za utafiti wala maana ya sampuli. Panatakiwa maamuzi: ulichagua nini, na kwa nini. Kaya 120 zilichaguliwa, 60 zinazotumia kinga njaa na 60 zinazotumia viroba vya kawaida. Mahindi yalichukuliwa kwa bambo siku ya kuhifadhi na tena baada ya miezi sita. Na hapa anaongeza sentensi ambayo mtahini wa sayansi ya chakula aliyekaa mwisho wa meza alikuwa akiisubiri: sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya mfuko, kwani punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo bambo lilichomwa juu, katikati na chini, pande zote, punje zikachanganywa na kusagwa pamoja kabla ya kupimwa. Konzi moja ya juu ingeweza kuonyesha mfuko salama ilhali sumu iko chini.

Sasa matokeo, ambayo yapewe muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kosa la kawaida ni kurusha majedwali ukutani, moja baada ya jingine, yenye herufi ndogo kama mtama. Mtahiniwa anasema, "kama mnavyoona", na hakuna anayeona. Jedwali la tasnifu limekusudiwa mtu mwenye muda wa kulisoma. Ukutani panahitajika takwimu chache zinazobeba hoja. Mtahiniwa wetu ana nne:

"Siku ya kuhifadhi, kaya 8 kati ya 60 za kinga njaa zilikuwa na mahindi yaliyozidi kiwango. Kwa viroba vya kawaida, zilikuwa 8 kati ya 58. Baada ya miezi sita, kaya za kinga njaa zilikuwa 9. Za viroba vya kawaida zilikuwa 22."

Kisha ananyamaza kidogo. Kunyamaza huko ni sehemu ya wasilisho. Wasikilizaji wanapata nafasi ya kuona wenyewe kwamba makundi mawili yalianza karibu sawa, lakini moja likasimama na jingine likapanda. Kisha anasema maana yake kwa maneno ya kawaida: mfuko haukuondoa sumu iliyokwisha kuingia tangu shambani au wakati wa kuanika. Zile kaya 8 ziliingiza ghalani mahindi ambayo tayari yalikuwa na sumu. Tofauti imeonekana katika kile kilichotokea baada ya hapo.

Ninaomba msomaji aangalie neno moja. Hakusema mifuko imepunguza sumukuvu. Ndivyo rasimu yake ya kwanza ilivyokuwa imeandikwa, na ndivyo watahiniwa wengi wanavyosema, kwa sababu ni sentensi yenye nguvu. Lakini sumukuvu haikupungua popote. Katika kundi la mifuko iliongezeka kutoka kaya 8 hadi 9. Tena, hakuwapangia wakulima mifuko kwa kura. Waliinunua wenyewe. Aliyeweza kununua huenda ndiye pia mwenye turubai la kuanikia, badala ya kuanika chini kwenye udongo. Basi je, tofauti ni ya mfuko au ya turubai? Kitenzi kimoja kilichotumika vibaya katika muhtasari kinaweza kuibua saa nzima ya maswali. Ndiyo maana alisema kaya zilizotumia mifuko hazikuona ongezeko kama la wenzao, kisha mara moja akaeleza kwamba alilinganisha pia kaya zenye turubai peke yake, na tofauti ikabaki ingawa ilikuwa ndogo zaidi.

Hapo ameshaingia kwenye mipaka ya utafiti, na hii ndiyo sehemu ambayo watahiniwa huiogopa bure. Wanadhani wakitaja udhaifu wa kazi yao wamejinyima alama. Uzoefu wangu ni kinyume chake. Mtahini akiuona udhaifu ambao mtahiniwa hakuutaja, atajiuliza kama mtahiniwa anaujua. Akisikia umetajwa, pamoja na kiasi chake, anapita. Ila utajwe kwa kiasi chake. Kusema kwamba muda na fedha havikutosha si kueleza mpaka; kila utafiti umepungukiwa fedha. Mpaka wa kweli unasema matokeo haya yanaishia wapi: wilaya moja, msimu mmoja wa mvua haba, mahindi tu. Msimu wa mvua nyingi, mahindi yakiingia mfukoni yakiwa na unyevu mwingi, huenda picha ikawa nyingine kabisa, kwa maana mfuko uliozibwa huzuia unyevu usitoke vilevile unavyozuia hewa isiingie.

Labda umejiuliza kwa nini kundi la viroba lilikuwa 58, ilhali zilichaguliwa kaya 60. Kama umejiuliza, umesoma kama mtahini. Kaya mbili ziliuza mahindi yote kabla ya miezi sita kutimia, na hazikuwa na kitu cha kupimwa mara ya pili. Hili ni jambo dogo, lakini ndilo lililovuruga tetezi nyingi nilizozishuhudia. Ikisiri inasema 120, jedwali la sura ya nne linasema 118, slaidi inasema 120 tena, na mtahiniwa akiulizwa anaanza kufunua kurasa. Hakuna aliyedanganya. Ikisiri iliandikwa mapema na haikurekebishwa. Lakini jopo sasa limepoteza imani na namba zote, na kila jedwali litakaguliwa. Mimi mwenyewe, nilipotetea, nilikuwa na namba mbili tofauti za wahojiwa katika kurasa mbili, na hadi leo nakumbuka jinsi mtahini alivyoweka kalamu chini taratibu.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Chukua karatasi, andika kila namba utakayoitamka, na mbele yake andika ukurasa wa tasnifu inapopatikana. Kisha fungua ukurasa huo uone kama inasema hivyohivyo. Namba isiyo na ukurasa iondolewe kwenye wasilisho. Kama kosa liko ndani ya tasnifu iliyokwisha kukabidhiwa, litaje mwanzoni kabisa: ukurasa fulani una namba isiyo sahihi, sahihi ni hii, nitairekebisha. Masahihisho madogo ni jambo la kawaida katika hukumu za majopo. Ni tasnifu chache sana zinazopita bila hata moja.

Kuhusu muda, njia nzuri ya kujua kama utamaliza ni kusoma kwa sauti ukiwa na saa, umesimama. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya, kwa sababu macho yana kasi kuliko ulimi. Mimi hukadiria maneno 100 kwa dakika kwa Kiswahili cha mtu aliyetulia, kwani maneno yetu ni marefu. Dakika 20 ni maneno 2,000 tu, zaidi kidogo ya makala hii yote. Mtahiniwa wetu aligawa hivi: dakika moja ya utambulisho, tatu za tatizo, nne za mbinu, nane za matokeo, nne za mipaka na hitimisho. Slaidi zake zilikuwa kumi na moja. Mwenye slaidi 45 amejipa chini ya nusu dakika kwa kila moja, na mwenyekiti atamkata akiwa bado kwenye nadharia, matokeo yasikike kamwe kwa sauti yake.

Iwapo utakatwa hata hivyo, usiombe dakika tano za ziada. Ruka moja kwa moja hadi slaidi ya matokeo, useme zile takwimu zako na maana yake, uketi. Kwa hiyo ni vizuri kujua namba ya slaidi hiyo kwa kichwa, maana ukiandika namba na kubonyeza kitufe cha kuingiza, programu nyingi za slaidi zitakupeleka hapo papo hapo.

Turudi chumbani. Dada yetu amebakiza dakika moja. Slaidi ya mwisho haina maua wala neno "Asante" lililoandikwa kwa rangi. Ina zile takwimu nne, na chini yake sentensi moja: katika hali ya kawaida ya nyumbani, kaya zilizotumia mifuko isiyopitisha hewa hazikuona ongezeko kubwa la sumukuvu, lakini mahindi yaliyoingia na sumu yalibaki na sumu. Anaiacha slaidi hiyo ukutani, ili maswali yakianza wote wawe wanaitazama.

Mtahini wa nje anafungua nakala yake penye kikaratasi cha njano. "Umesema kaya mbili ziliuza mahindi mapema," anaanza. "Je, kama mahindi yao yalikuwa salama? Hutuoni kwamba zimeacha kundi lako la viroba likionekana baya kuliko lilivyo?"

Alikuwa amelijibu swali hilo jikoni kwake wiki moja kabla, kwa kalamu na karatasi. "Mheshimiwa, tukichukulia kwamba zote mbili zilikuwa salama, tunapata kaya 22 kati ya 60. Tukichukulia kwamba zote mbili zilizidi kiwango, tunapata 24 kati ya 60. Kwa vyovyote vile tunalinganisha na 9 kati ya 60. Hitimisho halibadiliki. Hesabu hiyo iko kwenye kiambatisho cha tatu."

Mtahini anafunua hadi kiambatisho cha tatu, anasoma, na kuking'oa kikaratasi cha njano.